Xavier Hayumo Kwenye Pasipoti

Mimi huuza maharagwe sokoni Kadutu, na siku zote kabla sijanunua gunia natia mkono mpaka chini kabisa. Mtu akinionyesha punje nzuri za juu huku anatabasamu, najua chini kuna zilizolowa. Kwa hiyo yule msichana wa wakala wa ndege pale Nyawera, Ghislaine, aliponichekea na kuniambia niketi, nilibaki nimesimama.

Mimi na mume wangu hatukwenda kununua kitu. Tiketi mkwe wangu Luc alishazinunua kwenye intaneti, huko Nairobi anakoishi na binti yangu Charlène. Tulitaka kuzichapisha tu. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tulikuwa turuke kutoka Kigali, na Jumatatu madaktari wa Nairobi wamfungue mume wangu moyo na kumwekea kilango kipya. Tuliingoja nafasi hiyo tangu msimu wa mvua uliopita, na mume wangu sasa hakuweza hata kupanda ngazi ya nyumba yetu bila kukaa katikati. Tukiikosa Jumatatu, tungerudi mwisho wa foleni, na sidhani zamu yake ingemkuta hai.

Ghislaine alichapisha, akaomba pasipoti zetu, ambazo hakuna aliyemwambia aziombe. Akazitazama. Akazilinganisha na tiketi. Moyo wangu ukasema, haya, ameanza.

"Maman, huyu Xavier ni nani?"

"Ni bwana yangu. Si huyu hapa?"

"Mu passeport Xavier haiko. Iko Ntakwinja tu."

Nilicheka kwa hasira. Nimeolewa na Xavier, Xavier amenizalisha, padri wa Nyantende alitufungisha ndoa akimwita Xavier, leo mtoto aliyejipaka wanja ananiambia hayupo! Lakini mume wangu aliinamisha kichwa. Akasema polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa haba, kwamba alizaliwa wakati wa Mobutu, serikali ilipokataza majina ya kizungu. Cheti chake kiliandikwa Ntakwinja, basi. Xavier alipewa na padri ubatizoni, na padri haandiki pasipoti.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Papa wa passeport aliniuliza jina iko mu carte, mu kitambulisho. Nilimujibu ile ya mu carte."

Ghislaine alitugeuzia pasipoti, akaweka kidole kwenye mistari miwili ya chini, ile ya herufi na vishale. "Muangalie hapa, njo pale mashini inasoma. Jina ya famille inatangulia, kisha vishale mbili, kisha prénom, jina ya mutu mwenyewe. Kwa Papa, nyuma ya Ntakwinja ni vishale tu mpaka mwisho. Prénom hana. Lakini formulaire ya billet, ile ya kujaza mu intaneti, haikubali pa prénom pabakie wazi, njo maana mukwe wenu aliweka Xavier."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Kampuni zingine zinasema muandike FNU, maana yake prénom haijulikane. Zingine zinaweka MR. Hii yenu inasema murudilie jina: Ntakwinja pa famille, Ntakwinja pa prénom. Kila kampuni na sheria yake, haifai kubahatisha. Na hii Xavier, Kigali batamukatalia."

Ntakwinja Ntakwinja! Nani amewahi kusikia mtu wa namna hiyo? Niliona wazi njama yote. Hiyo ni tiketi ya mtu mwingine inatengenezwa mbele ya macho yangu, halafu Jumamosi Ntakwinja wa pili atakalia kiti cha mume wangu. Au basi anatafuta ya soda.

"Njo kusema unatuuzishia billet ingine," nikamwambia.

"Hapana, Maman. Hii billet siye hatukuiuza, siwezi hata kuigusa. Mwenye kuinunua njo atapigia kampuni, atume picha ya passeport, bairekebishe. Leo, hapana kesho."

Hapo nikaogopa zaidi. Mtu anayetafuta pesa namjua, tunabishana, tunamalizana. Huyu alikuwa hatafuti chochote, na sikuona mkono wake umejificha wapi.

Nikampigia Luc. Akacheka kwenye simu. "Mama mukwe, usisumbuke. Kila mutu anamujua kama Xavier. Achana na hao ba agence." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula. Luc ni fundi wa kompyuta, amesoma, na nampenda kiasi. Lakini Luc naye nilianza kumtilia shaka. Kwa nini acheke? Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepauka, na mimi nilitakiwa nichague niamini nani kati ya watu wawili nisiowaamini.

Ndipo nikatia mkono chini ya gunia.

Jina langu mimi ni refu kama safari ya Shabunda. Kila mtawa aliyenishika nilipozaliwa aliongeza lake: Nabintu Mushagalusa, halafu Marie Colombe Immaculée Consolate. Marufuku ya Mobutu yalipoisha, niliyaandikisha yote. Kwenye tiketi yameunganishwa yote bila nafasi, na Consolate imekatwa katikati. Nikamsukumia Ghislaine karatasi yangu na uso wa huzuni.

"Na yangu, binti? Wamenikata. Si nayo ibadilishwe?"

Nikamkazia macho. Mwizi angekula sufuria zote mbili. Angesema ndiyo, Maman, hii nayo ni mbaya sana.

Alilinganisha herufi kwa herufi. "Yenu iko bien. Nafasi ya mashini ya billet ilijaa, njo ilikata. Herufi zinafuatana kama za passeport, hakuna yenye kurukwa wala kugeuzwa. Muiache vile. Mukiichezea, mutaiharibu."

Niliketi. Nikampigia Luc tena, na safari hii sikumwacha acheke. Nilimwambia kwamba kama baba wa mke wake atazuiliwa Kigali, nitakuja Nairobi kwa miguu kumwuliza. Jioni alituma tiketi mpya. NTAKWINJA/NTAKWINJA. Usiku ule sikulala vizuri, bado nilihisi mahali fulani yuko Ntakwinja wa pili anafunga sanduku.

Jumamosi Kigali, kijana wa kaunta alisoma pasipoti, akasoma kioo cha kompyuta yake, akarudi kwenye pasipoti. Nilishika kamba ya mkoba mpaka vidole vikauma. Kisha akamtazama mume wangu na kusema, "Jina moja tu, Mzee? Sawa." Mbele yetu mama mmoja alikuwa ametolewa foleni, analia, anaonyesha picha za ubatizo kwenye simu. Sikuthubutu kumtazama sana.

Jumatatu walimfungua. Nilikaa nje na Charlène, namshuku kila muuguzi anayepita haraka na kila anayepita polepole. Walipotuita, alikuwa amelala na mirija kila mahali, na kwenye kifundo cha mkono utepe umeandikwa lile jina la tiketi. Muuguzi alimwinamia.

"Bwana Ntakwinja Ntakwinja! Fungua macho, Bwana Ntakwinja!"

Hakufungua. Akaita tena, akampiga shavuni kidogo. Akatazama mashine, na uso wake sikuupenda hata kidogo. Nilimsogeza kwa kiwiko. Mbele za watu mimi humwita Papa Charlène, lile jingine mimi hulitumia chumbani kwetu tu. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Xavier."

Akafungua macho, akanitafuta.