Gari la Mwisho la Kwenu

Jioni ilipofika, mpiga pasi alikuwa hazisikii tena nyayo zake. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mashuka ya hospitali, na mashuka ya hospitali hayana mwisho. Ukimaliza mlima mmoja, mlango unasukumwa na kigari kinaingia na mlima mwingine. Juu ya uchovu huo, mfukoni mwake kulikuwa na ujumbe wa fundi redio ambao hakuwa ameujibu tangu asubuhi.

"Ijumaa nafunga saa mbili usiku. Twende tukale palepale pa juzi? Ila kama hujisikii, usijilazimishe."

Hilo "usijilazimishe" ndilo lililomkaa kooni. Mwanaume hasemi hivyo bure. Walikuwa wametoka pamoja mara mbili tu. Mara ya kwanza fundi alikuwa katikati ya hadithi ya marehemu mama yake, mpiga pasi akanyakua mkoba na kusema kichwa kinamuuma. Mara ya pili hakusikia hata nusu ya maneno, maana macho yake yalikuwa kwenye simu chini ya meza, yakitafuta saa. Na haya yote kwa mtu anayempenda! Akimpoteza, basi atakuwa amempoteza kwa sababu ya basi.

Maana shida ilikuwa basi. Kwa maneno ya wenye magari, la mwisho la kwenda mtaani kwao mpiga pasi lilikuwa saa nne usiku. Watu wa upande ule hawadanganyiki. Likiondoka mjini baada ya saa tatu, abiria wakiwa wachache, dereva anakata ruti. Anafika njia panda, konda anagonga bati: "Mwisho hapa, shukeni!" na gari linageuza. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kando ya machimbo ya zamani yasiyo na taa hata moja. Aliwahi kuitembea njia hiyo mara moja, viatu mkononi, na nyuma yake kulikuwa na hatua za mtu ambaye hakumpita wala hakubaki nyuma. Alimwambia dada yake anayeishi naye, peke yake, na tangu hapo dada halali mpaka asikie geti limefunguliwa.

"Si umwambie tu huyo fundi wako," alisema mwenzake wa kukunja mashuka, aliyeshika ncha ya pili.

"Nimwambieje? Nikisema sina usafiri, ataona namwomba hela ya teksi. Nikinyamaza mpaka gari linipite, ataniambia kwake kuna nafasi ya kulala. Na mimi huko sijafika."

"Hujafika, lakini njia umeshaiulizia."

"Mwanamke wewe, huna haya!"

Walicheka mpaka shuka likawatoka mikononi, ikabidi lirudi kwenye pasi. Mkunjaji alijifuta machozi kwa kanga. "Sikiliza, mdogo wangu. Mwanzie na utamu, dawa ije baadaye. Mwambie kwanza kwamba unamtaka. Habari ya gari ifuate. Wewe umemkimbia bila utamu, tena hata hilo gari hukumtajia."

Mpiga pasi alimpigia fundi akiwa amekaa juu ya furushi la mito, viatu vimevuliwa.

"Fundi, nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika ukasirike."

"Nikasirike nini tena, bibie?" Nyuma ya sauti yake redio ya mtu ilikuwa inakoroma, inatafuta stesheni.

"Napenda sana kukaa na wewe. Siku ile sikuumwa kichwa. Gari la kutegemea la kwetu linaondoka mjini saa tatu. Yanayofuata hutuacha njia panda, na njia ile usiku peke yangu siiwezi. Sikuombi nauli, na kulala ugenini bado. Nataka tu tupange vizuri, nikae na wewe bila kuangalia saa."

Redio ilizimwa.

"Kumbe ni gari," fundi alisema. "Mimi nilidhani mtu ananivumilia."

Fundi akataka kufunga duka mapema, mpiga pasi akakataa. Watu huchukua redio zao Ijumaa wakitoka kazini, na fundi akifunga mapema wiki nzima imekwenda bure. Basi mpiga pasi akatoa wazo alilokuwa amelizungusha kichwani mchana kutwa: kwao, pale basi linapogeuzia, kuna mkahawa. Maduka yanawaka taa pande zote, na geti la dada yake ni la pili kutoka hapo.

"Wewe ndiye uje kwetu," alisema.

"Nakuja," alijibu fundi, haraka kama mtu anayeogopa wazo litarudishwa.

Ijumaa mpiga pasi alifika nyumbani mapema, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akasinzia palepale. Dada yake alimtikisa bega. "Amka, mama. Utaiota hiyo miadi badala ya kwenda."

Fundi alishuka kwenye basi na shati lililopigwa pasi vibaya, mikunjo miwili kwenye kila mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mpiga pasi aliona mikunjo ikampendeza. Waliagiza kuku na viazi. Mpiga pasi alivua kiatu kimoja chini ya meza, kisha cha pili. Mkoba aliuning'iniza kwenye kiti, hakuukumbatia. Akasikia hadithi ya marehemu mama mpaka mwisho wake: jinsi mama yule alivyokuwa akiizaba redio makofi mpaka iseme, na mtoto akajifunza ufundi ili kuiokoa.

Alikuwa bado anacheka alipoona macho ya fundi yamempita begani, yakaenda ukutani kwenye saa. Yakarudi. Baada ya muda mfupi yakaenda tena. Alimwuliza kuhusu duka, akajibiwa nusu.

Uchungu ulimpanda. Amenichoka, alijisemea. Wiki nzima nimesimama na pasi, nikaja hapa nikijikongoja, na mtu anahesabu dakika. Mkono wake ulikwisha kushika mkoba, na kile kichwa cha uongo kilikuwa mdomoni tayari, kinataka kuanza kuuma.

Hapo ndipo alipoyatambua macho yale. Yalikuwa yake.

Gari la saa tatu! Lile lile alilokuwa akilikimbilia, likishawashusha huku, hugeuza na kwenda kulala mjini. Baada yake hakuna linalofika, yote yanaishia njia panda. Miaka yote alijua gari la kuja. La kurudi hakuwahi kuliuliza, maana usiku hakuwahi kuwa na pa kurudi zaidi ya kwao.

Aliuachia mkoba.

"Fundi, napenda sana uendelee kukaa," alisema polepole. "Gari la mwisho la kwenu linaondoka saa ngapi?"

Fundi aliweka kijiko chini. Aibu ilimjaa usoni. "Nilimwuliza konda niliposhuka. Linalokuja sasa hivi ndilo. Sikutaka uone nakukimbia."

"Nyanyuka, baba. Nyanyuka upesi."

Alimsindikiza mpaka kituoni, ng'ambo ya barabara, viatu kavivaa bila kufunga mikanda. Basi lilishusha watu wake waliochoka, likageuza. Fundi alipanda huku shingo imegeukia nyuma, sentensi imekatika katikati.

"Utaimalizia Ijumaa ijayo!" mpiga pasi alimwambia. "Na ukifika uniambie."

Nyumbani alijilaza na nguo zake, simu kifuani. Macho yalikuwa mazito kama yametiwa mchanga, lakini aliyakatalia. Alijua sasa dada yake alikuwa akilalaje siku zote hizi. Mwishowe simu ikatikisika.

"Nimefika, bibie. Na kichwa hakiniumi."