Chumba Kitupu cha Jumatano

Jumatano ya kwanza walisema ni bahati mbaya. Ya pili, Mwalimu Kassimu akasema ni makusudi, na Felista akamwambia angoje.

Wawili hao walikuwa wakisoma kozi ya uendeshaji wa miradi kwa njia ya masafa, chuo chenyewe kiko Uingereza na wao wako Mtwara. Kassimu alifundisha shule ya msingi huko Likombe. Felista alikuwa karani wa shirika dogo la wakulima wa korosho, na mkurugenzi alikuwa ameshamwambia bila kupindisha: nafasi ya afisa miradi iko wazi, cheti kikija mwaka mpya ni yako, kisipokuja natafuta mtu mwingine.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa ya kikundi, na somo lake lilikuwa lilelile walilokuwa wakilifanya: namna watu wanaokaa mbali na wenzao, ambao kwa mmoja kunakucha na kwa mwingine kunakuchwa, wanavyoweza kufanya kazi moja. Mkufunzi aliwapangia wenzao wawili. Helen, mama mtu mzima mwenye mvi, alikuwa Leeds, naye ndiye kiongozi. Suresh alikuwa Pune, India. Kila Jumatano wanne hao walikutana kwenye chumba cha mazungumzo cha tovuti ya chuo, wakaandikiana Kiingereza papo kwa papo. Kwa saa za Helen ni saa tisa alasiri. Kwa Mtwara ni saa kumi na moja jioni, maana Leeds iko nyuma kwa saa mbili. Suresh yeye huingia akiwa ameshakula chakula cha usiku.

Mkufunzi alikuwa na sharti moja kali. Atakayekosa vikao vitatu bila taarifa anatolewa kwenye kikundi, na aliyetolewa hana alama.

Septemba nzima mambo yalikwenda vizuri, na Oktoba karibu yote. Walipanga namna ya kupokezana: Suresh akimaliza kipande chake jioni yake anakiacha kwenye tovuti, Mtwara wanakichukua, kisha Helen, na asubuhi inayofuata Suresh anakikuta kimeongezeka. Kazi haikulala. Helen aliwasifu Mtwara mpaka Kassimu akaenda kuwasimulia walimu wenzake.

Halafu, mwisho wa Oktoba ulipopita, waliingia chumbani saa kumi na moja na hawakumkuta mtu. Wakaandika salamu, haikujibiwa. Wakakaa, wakakaa, mpaka Faraji, mwenye duka la intaneti walilotumia, akaanza kugongagonga meza kwa funguo zake. Duka lake la pale Rahaleo lilifungwa saa kumi na mbili kamili ili awahi Magharibi msikitini, na hapakuwa na mteja wa kumchelewesha.

"Haya jamani. Mungu kwanza, Wazungu baadaye."

Kesho yake muhtasari wa kikao ulikuja. Kikao kilifanyika saa tisa, Helen aliandika, Mtwara hawakuhudhuria.

Kassimu aliusoma mara mbili. "Saa tisa yake si ndiyo kumi na moja yetu?"

"Ndiyo."

"Na kumi na moja tulikuwa wapi?"

"Tulikuwa humu, Mwalimu."

"Basi mama huyu ni mwongo. Muulize!"

Felista hakuuliza. Kwao, kijana hamwambii mtu mzima "mbona umesema uongo." Unampa nafasi ajirekebishe mwenyewe. Basi aliandika kwa upole kwamba wamesikitika kutoonana, na kwamba Mungu akipenda wataonana juma lijalo. Helen akajibu mstari mmoja: ahsante, jitahidini.

Jitahidini! Neno hilo Felista alilala nalo, akaamka nalo. Mtu aliyekosea hamwambii aliyekosewa ajitahidi. Anayesema hivyo ana lake.

Jumatano ya pili ilikuwa vilevile: chumba kitupu, funguo za Faraji, na muhtasari ulioandika "hawakuhudhuria kwa mara ya pili." Safari hii ulikuwa na jipya. Ile sura ya ripoti kuhusu wakulima wa Msimbati, ambayo Felista aliiandika yeye mwenyewe, alikuwa amepewa Suresh "aikamilishe."

"Umeona?" Kassimu alisema. "Asiyekuwapo na lake halipo. Wameingia chumba kingine, sisi wametuachia hiki. Wakishatutoa, kazi yetu inabaki na majina yao."

"Na wakitutoa wanapata nini?"

"Dada Felista, wewe mwizi huwa unamuuliza anapata nini? Tumwandikie mkufunzi. Tuwashitaki kabla hawajatushitaki."

Felista alitazama kioo cha kompyuta. Alikuwa mtu wa kungoja. Nyumbani kwao Newala walimtania kwamba akipika hafunui chungu. Lakini kungoja si kuamini. Alianza kukumbuka vitu vidogo: vile Suresh alivyoacha kumtania, vile Helen alivyoacha kumalizia barua zake kwa salamu za familia. Hata Kassimu, Felista alianza kumtilia shaka. Anuani ya baruapepe waliyotumia ilikuwa moja, ya wote wawili, na mara nyingi Mwalimu ndiye aliyetangulia kuifungua.

"Ngoja Jumatano," alisema. "Nikiwaona kwa macho yangu, tutaandika."

"Jumatano ikipita tumeshatolewa!"

"Ngoja, Mwalimu."

Jumatano ilipofika, saa kumi na moja, chumba kilikuwa kitupu kama ilivyotarajiwa. Kassimu aliguna akaegemea kiti. Ilipokaribia saa ya kufunga, Felista akamgeukia Faraji.

"Kaka Faraji, niache humu mpaka urudi kutoka msikitini."

"Wewe peke yako? Na mashine zangu zote hizi?"

"Sasa nitazibeba kichwani?"

"Sijasema utazibeba. Nasema mashine zina tabia ya kuota miguu." Alifikiri kidogo. "Nitakufungia kwa nje. Ukitaka maji, kunywa sasa hivi."

Kassimu akacheka. "Unawavizia nini, dada? Wenyewe wako kwingine."

"Kama wana chumba kingine, lazima wapite hiki kwanza. Mlango wa tovuti ni mmoja."

Basi wanaume wakaenda kuswali, na kufuli likalia. Felista akabaki na mvumo wa kompyuta na joto la siku nzima. Hakuandika salamu. Alitulia tu, macho kwenye kioo.

Saa kumi na mbili ilikuwa imepita kidogo tu jina la Suresh lilipotokea. Halafu la Helen.

Felista alisogea karibu na kioo. Kumbe ni kweli. Wanangoja tuondoke ndipo waingie. Alitaka kunyamaza aone watasema nini, lakini jina lake nalo lilikuwa linaonekana mle ndani.

"Felista!" Suresh aliandika. "Leo umekuja! Tulidhani mmetukimbia."

"Umewahi," Helen aliandika. "Nimefurahi. Kwa kweli nilikuwa nimekata tamaa."

Umewahi? Felista aliandika polepole, kila neno akilipima. "Mimi nipo humu tangu saa ya kikao. Ninyi ndio mmekuja sasa."

"Saa ya kikao ndiyo hii. Saa tisa," Helen alijibu.

"Saa tisa yako imepita. Mtwara sasa ni saa kumi na mbili."

Felista alijiandaa kwa uongo mwingine. Kisha Helen akaandika: "Mungu wangu. Saa zetu."

Alieleza kwa haraka, makosa ya tahajia yamejaa. Kule Uingereza, kila mwisho wa Oktoba, nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja kwa ajili ya majira ya baridi, na Machi huzipeleka mbele tena. Jumapili ile ya mwisho wa mwezi walikuwa wamezirudisha. Tangu siku hiyo Leeds haiko nyuma ya Mtwara kwa saa mbili bali tatu. Saa tisa ya Helen ilibaki kuitwa saa tisa, lakini Mtwara ikawaangukia saa kumi na mbili, Faraji akiwa ameshafunga.

"Nchi nzima inageuza saa?" Felista aliandika. "Na mnakubaliana?"

"Sisi India hatugeuzi," Suresh alisema. "Ila kampuni yangu inafanya kazi na London, nimezoea. Nilidhani Helen amewaambia."

"Nami sikufikiri kabisa," Helen aliandika. "Na wewe uliposikitika kwamba hatukuonana, niliona unaomba radhi kwa kukosa. Kwa nini hukuniuliza?"

Felista alianza kujibu, akafuta. Angemwambiaje kwamba alinyamaza kwa heshima, na ndani ya heshima hiyo akamwita mwongo majuma mawili?

"Nisamehe," aliandika.

"Mimi pia. Lakini Felista, mchana huu mkufunzi amenitumia malalamiko yenu. Mmesema tunawaibia kazi. Mkufunzi anasema kikundi kisipopatana kufikia kesho, atawatoa ninyi wawili."

Felista alisoma tena. Malalamiko yetu?

"Yameandikwa na nani?"

"Yana majina yenu wote. Yametoka kwenye anuani yenu."

Aliwaza: jina lake limeunganishwa na la Kassimu, barua asiyoijua imetoka mahali anapopafungua kila siku. Cheti, nafasi ya afisa miradi, vyote vilitegemea atakachoandika. Angeandika tu: si mimi, ni Mwalimu. Na lingekuwa la kweli. Aliandika: "Nisubirini. Msitoke."

Kufuli lililia. Faraji aliingia akizihesabu kompyuta kwa macho, Kassimu nyuma yake.

"Vipi, umewakamata?"

"Nimewakamata," Felista alisema. "Keti hapa, Mwalimu. Barua ya mkufunzi uliituma lini?"

Kassimu alivua kofia, akaivaa tena. "Jana. Nilikuwa najua utangoja mpaka tuzikwe."

"Kwa jina langu?"

"Kwa faida yako, dada!"

Faraji alikohoa, akajifanya anafuta meza. Felista alimweleza Kassimu habari za saa. Mwanzo alikataa: hakuna taifa lenye akili linalogeuza saa. Kisha akasoma maneno ya Helen mwenyewe, mstari kwa mstari, na mabega yakamshuka.

"Sasa andika," Felista alisema.

"Niandike nini?"

"Kwamba uliandika peke yako na unaifuta. Kwao na kwa mkufunzi. Mimi sitakusemea, wala sitajisemea."

Aliandika kwa vidole viwili, akipangusa jasho. Halafu Helen akaandika: "Ahsante, Kassimu. Kuweni wakweli nasi kama ninavyokuwa mkweli nanyi: mimi pia nilikuwa nimeandika barua ya kutaka mtolewe. Sikuituma. Leo namwandikia mkufunzi kwamba tumepatana, na ile mihtasari miwili naisahihisha. Sura ya Msimbati inarudi kwako, Felista."

"Unaamini kwamba hakuituma?" Kassimu alinong'ona.

Felista hakujua. Aliandika saa ya kikao kijacho kwa miji mitatu: Leeds saa nane mchana, Mtwara saa kumi na moja jioni, Pune saa moja na nusu usiku. Akaomba kila mmoja aiandike tena kwa mkono wake, ya kwake na za wenzake, kabla ya kutoka.

Suresh aliandika. Helen aliandika.

"Na wewe, Mwalimu."

"Mimi? Mimi niko hapa hapa ubavuni kwako!"

"Andika," alisema Felista, akamsogezea kibodi.