Mkoba wa Rangi ya Damu ya Mzee

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka Kibiti tangu alfajiri, hayalowanishi mtu sana lakini hayakomi, na barabara ilikwisha kuwa tope. Mshamu alitoka msikitini akaenda moja kwa moja barazani. Mfukoni mwa kanzu yake alikuwa na picha, ameikunja ndani ya kitambaa isipate maji.

Mkoba wa mkewe, Mwajabu, ulikuwa umepotea Jumamosi. Walitoka Mbwera kwenye msiba wa dada wa Mwajabu, wakashuka Nyamisati kwa mtumbwi, na pale penye kupanda lori Mshamu alimwambia mkewe, "Nipe mkoba nikubebee, mama Khamisi, wewe shika mtoto wa watu." Mtoto wa watu ni Tatu, binti wa marehemu, msichana aliyevunja ungo, ambaye walikuwa wanamchukua kumlea. Mshamu akauweka mkoba juu ya gunia, akageuka kusaidia kupakia mpunga, kisha wakapanda, lori likaondoka. Walipofika Kibiti gunia lilikuwepo. Mkoba haukuwepo.

Mwajabu hakupiga kelele. Alisema tu, "Uutafute." Tena akasema, "Tatu anatolewa ndani mwezi huu. Bila ule mkoba simtoi."

Mshamu hakuuliza kwa nini. Mambo ya mwali aliyewekwa ndani akifundwa ni ya wanawake.

Barazani, Bashiru karani alikuwa na watu wengi mbele yake, wengine wamekuja kwa kodi, wengine kwa kesi ya mbuzi. Aliitazama picha upesi.

"Hii ndiyo dawa, Mzee Mshamu. Mkoba unaonekana wazi, hadi kifungo. Tubandike hii ubaoni na tuandike chini yake maneno mawili. Hata asiyejua kusoma ataujua."

Picha ilipigwa Dar es Salaam, dukani kwa Mhindi, siku ya harusi ya jamaa yao. Mwajabu na marehemu dada yake wamekaa kwenye kiti kimoja, vichwa wazi, nywele zimesukwa, wanja machoni, na mkoba uko mapajani kwa Mwajabu, mikono yao yote minne juu yake.

"Mke wangu abandikwe ukutani, bwana karani? Na marehemu pia? Kila apitaye asimame amwangalie?"

"Basi kata kipande cha mkoba."

"Nikikata mkoba nimekata mikono yao. Picha yenyewe ni hiyo moja."

Karani akainua mabega. "Basi andika. Si unasoma kisomo cha jioni wewe? Kaa pale kwenye benchi. Ukimaliza niletee nipige muhuri, na nakala moja mpe dereva wa lori akaibandike Nyamisati."

Mshamu akakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, na kusoma kulimjia akiwa na umri wa kuitwa babu. Kila jioni baada ya Magharibi alikwenda shuleni na wenzake, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwalimu Abbasi aliwafundisha kwamba maneno ni macho ya asiyekuwepo: andika mpaka asiyeona aone, usibakize kitu. Mshamu aliyashika maneno hayo kama dua. Alisema Bismillahi, akaanza kuandika, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo.

TANGAZO. Umepotea mkoba wa mkono wa ngozi, rangi ya damu ya mzee, si mkubwa. Kifungo chake cha shaba. Mpini umekatika ukashonwa kwa uzi mweusi. Ulipotea Nyamisati penye lori siku ya Jumamosi. Ndani yake mna kitana cha mfupa, kikopo cha wanja, leso ya kisutu, na shanga za kiunoni za mke wangu, nyuzi nyingi, nyekundu na nyeupe na nyeusi, zikitikiswa zinalia. Atakayeuona aulete baraza la Kibiti kwa Mshamu mume wa Mwajabu. Mungu atamlipa.

Aliyajua yaliyomo kwa sababu siku ya kuondoka Mbwera mkewe alikuwa akipanga vitu mkobani, na yeye aliingia chumbani kutafuta kofia yake. Alisoma tangazo lote mara ya pili. Hakuna neno lililokosewa. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mkono wa kuandika uzeeni. Akanakili, akampelekea karani, na karani, huku akigombana na mwenye mbuzi, alipiga muhuri pasipo kusoma. Tarishi akagongomea karatasi moja ubaoni, nje, chini ya ukingo wa bati. Nyingine ikaondoka na lori.

Mchana mvua ilikatika, watu wakajaa gulioni, mbele ya baraza. Mshamu alikuwa ananunua chumvi aliposikia sauti ya Seleman, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, akiwasomea watu ubaoni. Mshamu akasogea. Alitaka kusikia kazi yake katika kinywa cha mtu mwingine.

Seleman alisoma rangi, alisoma kifungo, alisoma mpini. Watu waliitikia kwa vichwa, wanaume na wanawake, wakiuona mkoba. Kisha akasoma yaliyomo ndani. Alipofika penye shanga alirudi nyuma, akasoma tena polepole, kama mwalimu.

"Zikitikiswa," akasema Seleman, "zinalia."

Kicheko kilipasuka. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mwuza samaki akapaza sauti, "Bwana we, tuliambiwa kitu kimepotea, kumbe kimeonekana!"

"Na mwenye kuzihesabu ameandika jina lake!" akadakia mwingine.

"Mzee Mshamu huyu hapa! Mzee wetu, hongera, una nyumba yenye ngoma!"

Jambo lile lile ambalo kwenye benchi lilikuwa maneno safi, yenye herufi nzuri, sasa Mshamu alilisikia jinsi lilivyo. Alikuwa amemficha mkewe uso usionekane, kisha akaandika kile ambacho hata picha isingeonyesha. Aliwapita watu, akalichana tangazo, misumari ikabaki na pembe za karatasi. Chumvi ilimwagika, hakuiokota. Akakumbuka nakala ya pili. Lori lilikwisha fika mbali.

Nyumbani alimkuta Mwajabu amekaa juu ya mkeka, nguo zake zimefungwa furushi. Tatu alikuwa chumba cha ndani. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Baba Khamisi," alisema Mwajabu, na sauti yake ilikuwa ya chini, "mimi nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Mwalimu alisema tusibakize kitu."

"Mwalimu anazijua shanga zangu?"

Mshamu alikung'uta chumvi kwenye kanzu yake.

"Tena si zangu," akasema Mwajabu. "Ni za marehemu. Alinipa mkononi mwake akiwa kitandani, nimfunge mwanawe siku ya kutoka. Watu wamecheka shanga za maiti, Mshamu. Na za mwali asiyejua neno. Kesho mtoto huyu nitamfunga nini, hata zikirudi, na gulio zima linajua zina rangi gani?"

Hakuwa amewahi kumwita jina lake kavukavu tangu kuoana.

"Nakwenda kwa kaka, na Tatu. Mkoba ukirudi utanikuta huko. Usiporudi, usinifuate."

Alimwacha mlangoni. Siku zile Mshamu aliswali nyumbani kwa kuona haya kusimama safuni na wenzake. Jioni hakwenda kisomoni. Akisujudu alikaa chini muda mrefu, na dua yake ilikuwa moja: Ewe Mola, Wewe ndiwe Msitiri wa aibu, nami nimeifunua ya mtu uliyenikabidhi. Sitiri nilichokifunua.

Ijumaa alilazimika kwenda msikitini. Alipotoka, tarishi alikuwa anamngoja. "Unaitwa barazani. Kuna bibi."

Bibi huyo alikuwa Bi Mwantumu, mke wa mkata boriti wa kule Mbwera, muuza kamba wakavu. Amekaa sakafuni na kifurushi cha kanga mapajani, mikono miwili juu yake. Karani alikuwepo, na Seleman, na waliotoka kuswali walikuwa wameanza kusimama penye mlango.

"Wewe ndiye Mshamu?" akauliza yule bibi. "Wa ngapi?"

"Sikuelewi, bibi."

"Kwa sababu Mshamu wa kwanza alinijia Nyamisati juzi. Nimeuokota mkoba penye lori, nimeufunga, nangoja mwenyewe. Mwenye duka akatusomea karatasi yako. Kesho yake mtu akaja, amevaa kanzu nzuri, akataja kila kitu kama kasuku. Uzi mweusi, kitana, wanja, hata hizo nyingine. Kidogo nimpe! Nikamwambia, nitajie kimoja kisichoandikwa. Akasema lori linamwacha. Hakurudi."

Watu walinong'ona. Karani Bashiru alitazama chini, maana muhuri ulikuwa wake.

"Mwanangu," akaendelea bibi, "kitu kilichopotea hutangazwa kwa nje yake. Rangi ile na mshono ule vingetosha, ningejua. Ya ndani huachiwa mwenyewe, ndiyo ushahidi wake. Wewe umewapa watu wote ushahidi. Sasa nami nakuuliza kama nilivyomuuliza yule: nitajie kimoja kisichoandikwa."

Mshamu alitafuta kichwani. Alikuwa ameandika yote aliyoyaona. Hakubakiza kitu.

"Sina," alisema. "Anayejua ni mke wangu."

"Basi mkeo aje."

Alitembea hadi kwa shemeji yake huku watu wanamwangalia, akasimama nje ya ua, hakuingia. Alisema kwa sauti, ili asikie aliye ndani, "Mama Khamisi, mkoba umefika barazani. Mimi sijui la kusema. Njoo useme wewe." Kisha akatangulia, hakugeuka kuangalia kama anafuatwa.

Mwajabu alikuja. Alijitanda kanga hadi paji la uso, akapita katikati ya wanaume wale wale waliocheka, na wakampisha bila kuambiwa. Alichutama karibu na Bi Mwantumu, akamnong'oneza sikioni. Bibi alifungua kifurushi upande wa kifuani kwake, akaingiza mkono mkobani, akapapasa kwa muda. Kisha macho yakamlegea.

"Ni wake," akasema. "Mwenyezi Mungu amrehemu dada yako, mwanangu."

Alichosema Mwajabu hakuna aliyekisikia, na Mshamu hakukiuliza siku ile wala baadaye.

Mwajabu aliupokea mkoba, akaukumbatia kama kwenye picha. Hakuondoka. Alisimama, akasema bila kumtazama mtu, "Waliosikia yale wapo hapa?"

"Tupo," akajibu Seleman kwa shida. "Utusamehe, dada."

"Basi na hili mlisikie. Mume wangu aseme."

Mshamu alivua kofia akaishika mbele. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati, ikabidi apaze sauti.

"Nimemvunjia mke wangu heshima, na marehemu, na mtoto yatima. Nilidhani kujua kuandika ni kuandika yote. Nasema mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu: kuanzia leo neno lolote linalomhusu mama Khamisi au mtoto huyu halitatoka mkononi mwangu kabla sijamsomea yeye kwanza. Akisema futa, nitafuta."

"Twende tukamchukue Tatu, turudi nyumbani," akasema Mwajabu, akatangulia kutoka, mkoba kifuani.