Kiti Upande wa Nyuma

Kadi inayokunjwa ni karatasi moja tu. Ukiitandaza mezani upande wa nje ukiwa juu, nusu ya kulia ndiyo mbele na nusu ya kushoto ndiyo nyuma. Wengi hukosea hapo, maana mtu amezoea kwamba cha kwanza huanza kushoto. Dada aliponifundisha kazi aliniambia nisijisumbue kufikiri. Nikunje karatasi tupu, niandike kwa kalamu "mbele", "nyuma" na "shairi", kisha niifungue na kuangalia kila neno limeangukia wapi. Mpaka leo nakunja karatasi kwanza.

Asubuhi ile mama aliniita nikiwa nimeshafika mlangoni.

"Ile kadi yake mnaitengeneza leo?"

"Leo, mama."

"Usisahau jina lake kule nyuma. Kama zile nyingine."

Nikasema sawa. Tangu tumzike dada, mimi na mama tulikuwa tunaongea hivyo, maneno machache, kama watu wanaopitishiana vyombo. Sikuwa nalia. Watu walikuwa wananiangalia waone kama nitalia, nami nilikuwa najiangalia vilevile, nikingoja.

Dada alikuwa mchoraji wa kiwanda chetu kidogo cha uchapaji. Kazini tulimwita Sisimizi, kwa udogo wake na kwa kutotulia kwake. Kadi zote alizochora zina mstari mmoja mwembamba nyuma, chini kabisa, herufi ndogo ambazo mwenye macho mabovu hazioni: Mchoro: Sisimizi. Mama hajui kusoma vizuri, lakini mstari ule alikuwa anaujua ulipo. Akiletewa kadi huigeuza nyuma kabla hajatazama picha.

Mchoro wa mwisho aliuchora kitandani, nyumbani, ubao ukiwa umelazwa mapajani. Ulikuwa wa kadi ya kumwombea mgonjwa apone, oda ya mama mwenye duka la zawadi. Picha ni chumba. Kushoto kuna kiti, blanketi limeangukia sakafuni nusu, kama mtu ameinuka sasa hivi. Kulia kuna mlango wazi, na msichana pekupeku anatoka nje, amegeuza mgongo, mwanga umempiga mabegani. Picha yenyewe ni pana, mara mbili ya upana wa kadi.

Mama wa duka alikuwa ameshatuambia kwamba anataka kadi za kusimama wima, zinazofunguka kama kitabu, kwa sababu vibao vyake vya kuonyeshea ni vyembamba. Kwa hiyo picha ilibidi ipunguzwe. Bosi alisimama nyuma yangu akaangalia kompyuta.

"Chukua kiti," alisema. "Msichana kageuza mgongo. Mbele ya kadi huwezi kuweka mgongo wa mtu."

Nikachukua kiti. Nikaacha picha izidi kidogo nje ya ukingo pande tatu, ili kisu kikikata kusibaki utepe mweupe. Upande wa nne ni wa mkunjo, pale haukatwi. Nyuma nikaacha nyeupe, nikaweka mistari mitatu katikati, chini: mchoro, duka, kiwanda. Ndani nikaweka shairi kulia. Ukichapa, shairi hilo linakuwa mgongoni mwa ule upande wa nyuma, si mgongoni mwa picha. Shairi lilikuwa hili:

Dirisha likifunguka,
jua likija chumbani,
nasi tunakukumbuka,
twakungoja mlangoni.

Nikachapa moja, nikaikunja, nikampa mama wa duka alipokuja. Aliishika kwa mbali kwanza, halafu akaileta karibu.

"Mh," akasema. "Binti, hii si ya mgonjwa. Hii ni ya msiba."

Mashine upande wa pili ilikuwa inaendelea kumeza karatasi.

"Angalieni wenyewe. Kiti kitupu, blanketi, mtu hayupo. Nimpelekee mgonjwa hospitalini hii, si atavuta shuka ajifunike uso? Kesho watu wa wodi wanidai maelezo."

Mama Kisu, anayekata na kukunja karatasi, akacheka kule kwake. "Atapona kwa woga, dada yangu."

"Lakini ni nzuri," mama wa duka akaendelea, anaigeuzageuza. "Nzuri sana hii. Tubadilishe shairi tu, tuseme poleni kwa kuondokewa. Za rambirambi ndizo ninazoishiwa kila mara. Picha ibaki hivihivi. Na huku nyuma pamekaa vizuri, jina langu linaonekana."

Bosi akanigeukia. "Unaonaje?"

Nilisema sawa. Nilisikia sauti yangu inasema sawa, nikaweka mkono kwenye kipanya nifute shairi. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nafikiria ukubwa wa herufi.

Mama wa duka akaomba maji, akaketi. Mama Kisu akaja mezani kwangu akifuta mikono kwenye khanga, akachukua mchoro wenyewe, ule wa dada wa mkono, uliokuwa umeegeshwa pembeni ya kompyuta.

"We mtoto. Hizi alama umeziona?"

"Zipi?"

"Hizi hapa. Juu na chini, katikati."

Nikainama. Kwenye ukingo mweupe wa karatasi, juu, palikuwa na kijistari cha penseli. Na chini, sawasawa na kile cha juu, kingine. Nilipoiingiza picha kwenye kompyuta nilikata kingo zote kuisafisha, kama tunavyofanya siku zote, na vijistari vilikwenda na kingo.

"Hizo ni alama za mkunjo," Mama Kisu akasema. "Mimi ndiye ninayezifuata kila siku, nitashindwa kuzijua? Sisimizi hakuchora picha ya mbele. Kachora kadi nzima. Kunja uone, mbona unanitolea macho?"

Nikachapa picha nzima kwenye karatasi ya kawaida, nikaikunja kwenye alama. Msichana na mlango vikabaki mbele. Kiti kikaenda nyuma. Ukiishika kadi unaona mtu anatoka kwenda nje, kwenye mwanga. Ukiigeuza ndiyo unaona alipokuwa amekaa.

Nikasimama, nikampelekea mama wa duka. Nikamkabidhi tu.

Akaitazama mbele. Akaigeuza. Akaifungua, akaitandaza, akaikunja tena.

"Amepona huyu," akasema taratibu. "Katoka zake." Akainua uso. "Nani kaifanya hivi?"

"Mchoraji mwenyewe," nikasema.

"Haya. Lakini jina langu sasa litakaa wapi? Nyuma kote pamejaa picha."

Tukarudi kwenye kompyuta, wote wanne. Sakafu aliyoichora dada ni mbao, na kila ubao una mistari yake na vivuli vyake. Nikajaribu kuweka ile mistari mitatu kwa herufi nyeupe. Herufi ndogo namna ile, nyeupe juu ya rangi zilizochanganyika, wino huzimeza. Nilipoichapa, mstari wa kwanza ulionekana kama vumbi. Nikanenepesha herufi, zikawa kubwa kupita miguu ya kiti. Palipotulia palikuwa mahali pamoja tu, kivuli cheusi chini ya kiti, na pale uliingia mstari mmoja.

"Basi mmoja," akasema mama wa duka. "Duka langu. Mimi ndiye ninayeuza."

"Sisi kiwanda tunaweza kukaa nje safari hii," akasema bosi. "Lakini la mchoraji..."

"Ndani," nikasema. Walinigeukia, kwa sababu huwa sisemi. "Ndani kushoto, chini. Pale ni peupe."

Mama wa duka akanishika mkono. "Mdogo wangu, sikukatalii kwa ubaya. Mtu akinunua kadi, akifungua ndani akute imeandikwa Sisimizi, atadhani kuna Sisimizi ameshaitumia, ameandika na jina lake. Atanirudishia. Ndani ni pa mnunuzi."

Alikuwa anasema kweli. Nilipajua pale mahali, ndipo watu wanapotia sahihi zao.

"Kwa hiyo ziko mbili," bosi akasema. "Ile ya kwanza, kiti mbele, ya rambirambi, nyuma nyeupe na majina yote yanakaa. Au hii, picha nzima, mstari mmoja. Mama, wewe unataka ipi?"

"Mimi yoyote nitauza."

Bosi akavuta kiti akakaa karibu yangu. "Ni mkono wa dada yako. Chagua wewe."

Nilitazama kadi mbili mezani. Moja ilikuwa na jina la dada, na dada ameondoka. Nyingine haikuwa na jina. Nilimfikiria mama anavyogeuza kadi kabla ya kutazama picha, kidole chake cha gumba kinavyoshuka mpaka chini katikati na kusimama. Nilingoja nihisi kitu kitakachoniambia. Hakikuja. Nikasogeza kipanya, nikafungua picha nzima, nikafuta mistari miwili, nikabakiza wa duka ndani ya kivuli.

"Hii," nikasema.

"Una hakika?"

"Alama alitia yeye."

Mama Kisu alichukua karatasi ngumu zilipotoka kwenye mashine. Kwa picha inayopita juu ya mkunjo hatukunji moja kwa moja, wino utapasuka na kuacha mstari mweupe. Alizipitisha kwanza kwenye mashine ya kutia mfuo, ule mchirizi wa kukunjia, moja moja, akitukana kila iliyokaa upande kidogo. Mfuo ukiteleza hata kwa unene wa kucha, kipande cha mlango kinaingia nyuma. Za kwanza alizitupa. Iliyofuata aliikunja, akapitisha mfupa wa kukunjia juu yake, akanipa.

"Mpelekee mama yako. Mwambie nimemsalimu."

Mama alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye sinia. Akajifuta mikono, akaipokea kadi, akaigeuza nyuma. Kidole chake kikashuka mpaka chini katikati. Kikakuta mbao. Kikaenda kulia, kikarudi kushoto, kikaingia kwenye kivuli cha kiti.

"Hapa ndipo?"

"Hapo ni duka, mama."

"Yeye yuko wapi?"

"Halikuingia."

Alinitazama. Nikaanza kumweleza habari za wino na herufi na mbao, nikaona halimwingii hata neno moja, nikaacha.

"Nilikuomba jina tu," akasema. "Hukuombwa kitu kingine."

"Najua, mama."

"Watu watajuaje?"

"Hawatajua."

Akageukia sinia, akaokota punje mbili tatu za mawe, kadi ikiwa bado mkononi. Nilidhani ataiweka. Badala yake akaigeuza mbele, akamtazama yule msichana muda mrefu. Akageuza tena nyuma, kwenye kiti. Mbele. Nyuma. Kisha akafanya kitu ambacho mnunuzi hakifanyi: akaifungua, akailaza kifudifudi juu ya meza, shairi likatazama chini, na chumba chote kikawa juu, kizima, kiti na mlango pamoja.

Akainama akaangalia pale katikati, kwenye mkunjo.

"Huyu ametoka hapa," akasema, kidole kwenye kiti.

"Ndiyo."

Kidole kikavuka mkunjo, polepole, kikafika kwa msichana, kikasimama kwenye kisigino chake. Mimi nilivuta sinia upande wangu nikaendelea kuchambua mchele, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na mawe yalikuwa hayaonekani vizuri.