Kufuli Mfukoni

Shomari alikuwa fundi wa umeme hodari, hilo hata wabaya wake walikubali. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilianza siku alipomwoa Tatu binti Pazi. Si kwamba Tatu alikuwa na ubaya, la. Ubaya ni kwamba baba yake Tatu, Mzee Pazi, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mitambo pale pale shambani.

Shamba lenyewe lilikuwa la mkonge, upande wa Ruvu. Juu mlimani kulikuwa na nyumba ya injini: jenereta linanguruma mchana kutwa, na ukutani zimepangwa swichi za chuma, kila moja na mkono wake. Mkono ukiwa juu, umeme unakwenda. Ukiushusha, umeme unakatika. Chini mtoni kulikuwa na pampu iliyovuta maji ya kuoshea mkonge kiwandani, na mota yake ilipata umeme kutoka kwenye swichi moja kati ya zile za juu.

Fundi mkuu alikuwa Singasinga mmoja, Fundi Gurdit, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuchoka kuirudia. Kabla hujagusa waya, panda mwenyewe ukashushe mkono wa swichi. Tia kufuli lako, ufunguo utie shingoni kwako, asiupate mtu mwingine hata awe nani. Kisha shuka ukapime. Na kupima nako kuna taratibu: taa ya kupimia, yenye globu mbili zilizofuatana, unaijaribu kwanza mahali ambapo umeme upo, uone inawaka. Ndipo unapima unapotaka kufanya kazi, kila waya na mwenzake, halafu kila waya na ardhi. Ukimaliza, unarudi kuijaribu tena pale penye umeme, usije ukadanganywa na globu iliyokufa. Kila fundi alipewa kufuli lake lenye ufunguo mmoja tu.

Shomari alizifuata sheria hizo kama sala. Halafu akaoa.

Hebu fikiri mwenyewe. Mkweo anasimama mlangoni mwa nyumba ya injini, kofia kichwani, anakwambia, "Nimezima, mwanangu." Wewe unampita, unakwenda kutazama kama kweli kazima, unapachika kufuli mbele ya macho yake, unaondoka na ufunguo. Kwa Shomari ilikuwa sawa na kuhesabu minofu kwenye chungu baada ya mkwe kuaga. Mara ya kwanza alipanda, akafunga, na uso ukamwaka kwa haya mpaka jioni. Mara ya pili alisimama nusu ya kilima. Baadaye akawa hapandi kabisa. Mzee Pazi alitoka nje, akavua kofia na kuipunga, akaita, "Nimezima," na Shomari akaitikia kutoka chini, "Ahsante, baba." Kufuli likakaa mfukoni, na taa ya kupimia ikaning'inia msumarini ikishika vumbi.

Asubuhi hiyo mota ya pampu ilikuwa inanuka. Mwisho wa waya mmoja ulikuwa umeungua pale unapofungwa kwenye mota, ukahitaji kukatwa na kufungwa upya. Shomari alikuwa na mwenzake Hilario, mtu wa Magindu, Mkatoliki, mcheshi, aliyependa kumtania kwamba ameoa kwa wakubwa. Mota ilinyamaza. Kofia ikapungwa kule juu.

"Umefunga?" aliuliza Hilario.

"Baba amezima."

"Nimekuuliza umefunga."

"Hilario, mota si imesimama? Unataka nikamwulize mzee kama ni mwongo?"

Hilario alicheka. "Haya, bwana mkwe," akasema, akapiga goti kwenye sakafu iliyolowa. Nati ya kwanza akaifungua. Ya pili akaifungua. Alipotia mkono kwenye waya wa tatu alitoa sauti moja fupi, akarushwa nyuma, bega likagonga kitako cha pampu. Kiganja kilikuwa kimeungua na mkono umevunjika. Alikuwa hai, anatetemeka, anamtazama Shomari.

Watu walikuja mbio, na Mzee Pazi akashuka kilima kwa miguu yake mibovu. Walimbeba Hilario kwenye lori kumpeleka hospitali Dar es Salaam. Fundi Gurdit alipanda kwanza kutazama swichi. Mkono wa swichi ulikuwa chini. Akashuka.

"Kufuli liko wapi?"

Shomari alihisi kufuli likimgonga pajani. "Nimelisahau nyumbani, bwana."

"Ulipima?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, na hata Hilario angelisema kama asingekuwa ndani ya lori. Lakini Shomari aliiona kazi ikipotea, akamwona Tatu akirudi kwao na mzigo kichwani, na mdomo ukasema wenyewe. "Nilipima, bwana. Waya haukuwa na umeme."

Hakufikiri neno hilo linakwenda kumwangukia nani. Fundi Gurdit alifikiri mara moja. Kama fundi alipima na waya ulikuwa mkavu, basi kuna mtu aliyeinua mkono wa swichi baadaye, kisha akaushusha aliposikia kelele. Na kule juu alikuwa mtu mmoja. Watu wote wakageuka wakamtazama Mzee Pazi.

"Nilizima," alisema mzee. "Sikuwasha."

Alimtazama mkwewe kidogo, kisha akatazama chini.  Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akafunga shuka lake na kurudi kwake Kisarawe. Shambani wakaanza kumwita Mzee Nimezima. Mtu akichelewa kurudisha jembe, wenzake humwuliza kama amezima au amewasha, na watu hucheka. Tatu alilisikia jina hilo kisimani. Alirudi na ndoo nusu, akaitua, akamwuliza mumewe, "Baba amewahi kukudanganya?"

"Hapana," alisema Shomari, akatoka nje. Alikwenda kusimama nyuma ya choo kwa aibu, mtu mzima na ndevu zake.

Pampu ilikuwa haina budi kutengenezwa. Safari hii Shomari alipanda mwenyewe. Pale penye kigoda cha mkwewe palikuwa na mlinzi mwingine, kijana asiye na ukoo naye, na Shomari hakuona haya yoyote kumpita. Alishusha mkono wa swichi, akatia kufuli, akavaa ufunguo shingoni. Akashuka. Akapangusa vumbi kwenye taa ya kupimia, akaijaribu kwenye soketi ya taa ya nyumba ya pampu, ambayo ilikuwa na laini yake peke yake, isiyopita kwenye swichi ile. Globu zote mbili zikawaka hafifu, kama zinavyowaka zikigawana umeme mdogo.

Alipima nyaya za mota, mmoja na mwenzake, zote. Giza. Akaweka ncha moja ya taa kwenye waya wa ardhi, nyingine kwenye waya wa kwanza. Giza. Wa pili. Giza. Wa tatu.

Globu zikawaka.

Alitoa ncha, akairudisha. Zikawaka tena. Swichi ilikuwa imezimwa, aliizima kwa mkono wake, kufuli lake lilikuwa juu yake na ufunguo ulikuwa kifuani. Na waya ulikuwa na umeme. Alikaa chini kwenye ile ile sakafu aliyoangukia Hilario.

Alipopata nguvu alipanda na ile taa, akamwambia yule mlinzi azime jenereta zima. Akazima swichi kubwa, akahamishia kufuli lake huko. Safari hii taa aliitia globu ndogo, maana umeme mwingine wa kuijaribia haukuwepo ila wa betri za kuwashia injini; akaijaribu hapo, akafungua sanduku la swichi ya pampu, akapima, akarudi tena kwenye betri. Ndipo akatia mkono. Ndani mlikuwa na visu vitatu vya shaba vinavyovutwa pamoja na mkono wa nje. Viwili vilikuwa vimetoka mahali pake. Cha tatu kilikuwa kimekatika kwenye kiungo chake, kimebaki kimeng'ang'ania ndani. Mkono ulishuka, kisu hakikushuka. Mota husimama, kwa sababu waya mmoja peke yake hauwezi kuizungusha, lakini waya huo humngoja mtu.

Mzee Pazi alikuwa amezima. Alisema kweli tangu mwanzo. Na kama taa ile ingeshushwa msumarini asubuhi ile, ingemsemea.

Shomari aling'oa kile kisu, akakipeleka kwa Fundi Gurdit, akakiweka mezani pamoja na kufuli. "Sikupima," alisema. "Wala kufuli sikulisahau. Lilikuwa mfukoni."

Singasinga alikitazama kisu muda mrefu. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Shomari kuliko matusi. Alichukua kufuli akalitia kwenye droo yake. "Wewe si fundi tena hapa," alisema. "Mzee arudi kazini. Nenda kamwambie mwenyewe."

Kisarawe alifika jua likiwa bado kali. Mzee Pazi alikuwa uani anatia mpini kwenye jembe. Mkewe, Mwanaamina, alikuwa anamenya mihogo. Shomari alipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo." Kisha akasema yote, kisu, taa, mfuko, uongo. Mwanaamina aliacha kumenya. Mzee aliendelea kuugonga mpini taratibu.

"Nilijua hukupima," alisema mzee, Shomari alipomaliza. "Kutoka kule juu naona mpaka mlangoni kwa pampu. Nilikuona umesimama, mikono mitupu."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Nimseme mume wa mwanangu mbele ya watu? Niliona haya."

Shomari aliinama mpaka paji la uso likakaribia mchanga. "Na mimi niliona haya kukupima. Nilidhani ndiyo heshima."

"Ungenipima ungenikuta mkweli," alisema Mzee Pazi. "Hukunipa nafasi hiyo."

Alimwita mkewe alete chakula. Sahani ya mihogo na samaki iliwekwa mbele ya mkwe, na maji ya kunawa yakaletwa, kama kawaida, kama hakuna kilichotokea. Shomari alinawa. Hakuweza kushika tonge.

"Mkono wa Hilario unaendeleaje?" aliuliza mzee.

"Wanasema ameshatolewa hospitali. Yuko kwao Magindu."

"Wanasema? Wewe umemwona?"

 Shomari alikuwa amekuja Kisarawe moja kwa moja, kwa mkwe ambaye alijua atampa maji ya kunawa na sahani. Kwa Hilario, ambaye aliuliza mara mbili kama kufuli limefungwa, hakuwa amefika.

Mzee Pazi alivuta ile sahani akaifunika kawa. "Basi inuka," alisema. "Mimi nimekusikia. Utakula ukirudi."

Shomari aliinuka, akaaga, akashika njia ya Magindu.