Robo Tatu ya Kumi na Mbili

Muuguzi huyo wenzake walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa wala hakuwahi kufikiria kuwa mtawa. Asubuhi hiyo alipanda ngazi za shule ya lugha kwa mwendo wa mtu aliyewahi. Viatu alikuwa amevipiga rangi mara mbili. Vyeti vilikuwa kwenye bahasha ya kaki aliyoikumbatia kama mtoto mchanga. Saa yake ya kuning'inia, ile ambayo wauguzi huibana kifuani, ilionyesha saa tatu na dakika kumi. Usaili ulikuwa saa tatu na nusu. Alijipongeza kimoyomoyo.

Karani wa wageni waliotoka Ujerumani kuajiri wauguzi alikuwa ameketi nje ya mlango wa darasa la juu. Alikuwa kijana wa Kijerumani mwenye shingo ndefu na orodha fupi. Alipitisha kalamu kwenye majina, akaliona la Sista, akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Sista kwa huruma ya mtu anayetoa salamu za rambirambi.

"Ulikuwa uje nusu tisa," alisema kwa Kijerumani, polepole.

"Ndiyo. Nusu tisa. Tisa na nusu. Nimewahi."

Mlangoni mwa ofisi Mwalimu wake, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alifumba macho kama aliyepigwa na jiwe.

"Sista," alisema kwa Kiswahili, "tumelisema hili wiki tatu mfululizo. Mjerumani hahesabu nusu iliyopita, anahesabu nusu anayoiendea. Nusu tisa ni nusu ya njia kuelekea tisa. Ni nane na dakika thelathini. Kwa saa yetu sisi, saa mbili na nusu."

Basi hesabu ikawa hivi: Sista aliwahi kwa dakika ishirini na papo hapo akachelewa kwa dakika arobaini. Mafanikio ya namna hii si kila mtu anayaweza.

Haikuwa ya kuchekesha kwake. Miezi minane alikuwa akitoka zamu na kwenda moja kwa moja darasani, miguu imevimba, akitamka tarakimu hadi ulimi unakufa ganzi. Mkataba wake wodini ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi na hospitali ilikuwa imeshasema haitauongeza. Wageni hawa walitafuta wauguzi wanne. Usaili ulikuwa wa leo tu. Kesho jioni wangeondoka, na safari yao nyingine ilikuwa mwakani.

"Nirudi nyumbani, Mwalimu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kaa hapo. Usiguse chochote."

Mwalimu aliingia ndani, akakaa muda wa kuchemsha chai, akatoka. Nyuma yake karani aliinama na kumtamkia Sista saa mpya ya usaili, kwa kasi ya kawaida ya watu wa kwao, "Robo tatu ya kumi na mbili."

Sista alisikia robo, akasikia tatu, akasikia kumi na mbili. Hakuelewa kitu. Darasani walikuwa wamefundishwa "robo kabla" na "robo baada". Hii nyingine hawakuwa wameigusa kwa sababu, alivyokuja kueleza Mwalimu baadaye, si Wajerumani wote wanaoisema. Ni ya mikoa fulani, na karani alizaliwa katika mmojawapo.

Mwezi uliopita angeitikia "ndiyo, ndiyo" na kwenda kujiuliza chooni. Lakini saa ile aibu ilikuwa imeshafika kileleni na hakuna mahali pengine pa kupanda. Aliivua saa kifuani, akavuta kifundo chake kidogo, akazungusha mishale hadi kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Akamwonyesha karani.

Karani alitikisa kichwa. Akachukua saa ile, akarudisha mishale nyuma saa nzima: kumi na moja na dakika arobaini na tano. Kisha akachora duara hewani na kulikata vipande vinne kwa kidole. Vitatu vimeshaliwa, cha nne ndicho kinaifikia kumi na mbili.

"Kumi na moja, arobaini na tano," Sista alirudia.

"Sawasawa kabisa."

"Saa sita kasorobo," alijiambia kwa Kiswahili ili moyo nao usikie.

Aliitia saa yake majira tena na kukaa kwenye benchi, ambako Kamusi alikuwa anangoja zamu yake. Kamusi alikuwa muuguzi mwenzake, kijana mrefu aliyepata jina hilo kwa sababu alimeza maneno mapya mia kila wiki na kuyacheua mbele za watu.

"Dada, nusu tisa inakushinda?" alisema akinyoosha tai. "Ile ni ya chekechea."

"Nenda zako, Kamusi. Ukishindwa wewe nitakununulia maandazi ya pole."

"Andaa pesa za pongezi."

Alipoitwa, mlango haukufungwa vizuri. Sista alisikia kila kitu. Alisikia Kijerumani cha Kamusi kikitiririka kama bomba lililopasuka. Kisha akasikia simu ikilia ndani, na baada ya hapo kijana hakusema tena isipokuwa "ndiyo", "nimeelewa", "ndiyo", "bila shaka", "nimeelewa". Alitoka baada ya robo saa, uso unang'aa.

"Rahisi," alisema. "Wanakupigia simu kutoka chumba cha pili, wanakusomea habari za mgonjwa, unaandika. Yule mama anasema kama anakimbiza basi, lakini hakuniacha."

"Ulimuuliza kitu?"

"Niulize ili aone sijui?"

Sista aliibana saa yake kifuani. Saa sita kasorobo kamili alikuwa ameketi mbele ya meza yenye simu, karatasi moja na kalamu mbili. Matroni, mkuu wa wauguzi wa wageni, alimpa mkono, akamuuliza mambo mawili kuhusu kazi yake, akatoka kwenda chumba cha pili. Hakutaja kuchelewa. Sista angependelea ataje, wamalize.

Simu ililia.

"Zamu ya usiku inakukabidhi mgonjwa," sauti ilisema. "Chumba tatu-na-sitini."

Hapa ndipo wengi huzama. Mjerumani hutaja mamoja kabla ya makumi, na mkono wa mwanafunzi una haraka kuliko sikio lake: unasikia tatu, unaandika tatu, unasikia sitini, unaongeza sita, na mgonjwa wa chumba sitini na tatu anahamia thelathini na sita bila kitanda kusogezwa. Sista aliinua kalamu juu, akaibana hewani mpaka namba yote ikaisha. Akaandika 63.

"Narudia," alisema. "Chumba sita, tatu."

"Ndiyo."

Hakuwa amepanga kurudia. Ulikuwa mkono wa wodini uliomsukuma. Miaka kumi na moja daktari alikuwa akipiga simu kuagiza dawa, na muuguzi aliyekata simu kabla ya kumsomea daktari agizo lake alikiona cha moto.

"Kazaliwa tarehe saba, kumi na moja, kumi na tisa mia nane-na-arobaini."

"Narudia. Saba, mwezi wa kumi na moja, moja tisa nne nane."

"Ndiyo. Joto nane-na-thelathini, mkato, nne."

"Tatu nane, mkato, nne."

Mkato wao ndio nukta yetu ya desimali, na hilo alilijua vizuri. Ndipo Matroni akasema kitu kuhusu vidonge, na katikati ya sentensi kulikuwa na neno "anderthalb". Sista alilijua kwa sura. Ndani yake aliisikia nusu. Aliikumbuka pia maana ya kale ambayo Mwalimu aliwahi kuwatania nayo, "nusu ya pili", na akili yake ikajumlisha upesi: pili, na nusu.

"Narudia. Vidonge viwili, mkato, tano?"

"Hapana," sauti ilisema. Haikuwa kali. "Kimoja, mkato, tano."

Kimoja na nusu. Cha kwanza kizima, cha pili nusu yake. Alifuta, akaandika upya, akarudia tena. Safari hii ikawa ndiyo.

"Kipimo cha damu kitarudiwa leo baada ya siku nane."

Leo ilikuwa Jumanne, tarehe tisa. Tisa na nane ni kumi na saba, hata mtoto anajua.

"Narudia. Jumatano, tarehe kumi na saba?"

"Hapana. Jumanne, tarehe kumi na sita."

Kumbe siku zao nane ni wiki moja tu. Wanaihesabu na leo. Alirekebisha, akarudia, akashukuru. Simu ikakatwa.

Alibaki akiitazama karatasi yake yenye mikwaruzo. Makosa mawili kwenye simu, moja mlangoni asubuhi, matatu jumla. Alianza kupanga jinsi ya kumweleza mama yake.

Matroni alirudi, akavuta kiti, akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini. Akaweka kidole kwenye mikwaruzo.

"Ulikosea hapa na hapa."

"Ndiyo."

"Lakini mgonjwa hakumeza kosa hata moja." Aliikunja karatasi. "Nimepiga simu kumi na mbili leo. Waliokosea ni wote kumi na wawili. Waliojua kwamba wamekosea, kabla sijakata simu, ni watatu. Lugha tutakufundisha. Hili lingine sina mwalimu wake."

Sista alifungua mdomo kutoa shukrani aliyoikariri usiku kucha, yenye vitenzi mwishoni kama inavyotakiwa. Aliitikia kwa kichwa tu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nje, karani alikuwa ameshabandika orodha ya waliotangulia. Kamusi aliisoma mara ya tatu, tai mkononi. Mbele ya jina lake paliandikwa arudie usaili mwakani.

"Nilisema ndiyo kwa kila kitu," alisema.

"Nilikusikia, mdogo wangu. Kuanzia kesho jioni unakuja kwangu na simu. Nitakusomea namba mpaka unichukie."

"Na maandazi?"

"Maandazi utakula huku unaandika."

Matroni alikuwa amewafuata hadi mlangoni, akiwa na kijitabu cha misemo. Alijisafisha koo, akasimama wima, na kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunza kwenye ndege akamtangazia Sista:

"Kesho tunasaini. Wewe njoo saa nane asubuhi. Leta pasi."

Mwalimu alitazama dari. Kamusi aliziba mdomo. Sista alifikiria nusu sekunde tu.

"Samahani, Matroni. Asubuhi hiyo kwetu ni saa mbili. Saa nane ni mchana."

Matroni alitazama saa yake ya mkononi, akatazama kijitabu chake. "Hapa mshale utakuwa kwenye nane."

"Ndiyo. Lakini jua likichomoza ndiyo tunaanza kuhesabu."

Matroni alitoa kalamu. Hakuandika mara moja. Aliinua kichwa, akasema kwa uangalifu:

"Narudia. Saa mbili asubuhi."

"Ndiyo," alisema Sista, na akateremka ngazi kwenda kumpigia mama yake.