Ukurasa wa Mama Cherehani

Mgeni aliingia kwenye karakana ya miguu bandia Jumatatu asubuhi akiwa na aproni yake mwenyewe, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi Mkuu alikuwa amepiga magoti mbele ya mgonjwa, plasta imemjaa hadi viwikoni, kwa hiyo hakuweza kumpa mkono.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kutoka tawi la pili. Nimeambiwa unakwenda kupasuliwa bega."

"Marahaba. Nakwenda baada ya miezi mitatu na kitu. Mbona umewahi matanga?"

Mgonjwa akacheka mpaka mguu uliokuwa ukipimwa ukatikisika. Mgeni naye akacheka, akavaa aproni, akainua ndoo ya maji yenye plasta na kwenda kuimwaga bila kuelekezwa. Aliimwaga penyewe hasa, kwenye shimo la nje, si kwenye sinki ambalo lingeziba. Hilo ndilo lililomuudhi Fundi Mkuu kuliko yote.

Alimwendea meneja kabla hata ya kunawa vizuri.

"Kwenye barua yangu nimeandika mtu aje wiki ya sita. Hii ni ya tatu."

"Mama, ungeniambia wiki moja kabla, ningempata nani? Umetupa miezi minne, tawi la pili wakaweza kumwachia mtu wao bora. Barua yako nimewaonyesha wakuu wote. Hawajawahi kuona mtu anapanga ugonjwa wake hivi."

Kumbe alikuwa amemleta yeye mwenyewe. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, na alikuwa ameiandika kwa fahari. Kano la bega la kulia lilikuwa limechanika baada ya miaka ishirini ya kuinua wagonjwa na magunia ya plasta. Daktari alimwambia linaweza kungoja miezi michache, lisingoje miaka. Basi akapanga. Kwanza wasipokee wagonjwa wapya wengi, wamalize walioanza. Kisha mbadala aje, wiki mbili atazame yeye akifanya kazi, halafu mbadala afanye naye atazame. Kisha upasuaji, na miezi mitatu nyumbani: wiki sita mkono umefungwa shingoni, baadaye mazoezi. Asipigiwe simu ila Jumatano saa nne asubuhi, kwa robo saa. Mwisho, arudi kwa nusu siku, akae mezani na kumbukumbu, asishike plasta wala kuinua mtu mpaka daktari aruhusu. Chini kabisa aliongeza kwa mkono: *Aliyechukua kipimo ndiye atakayemaliza mguu. Nikirudi sitaingilia.* Akatia saini.

Mguu bandia haupendi mafundi wawili. Kikombe ambamo kigutu cha mgonjwa huingia hufuata mikono iliyokishika kigutu hicho siku ya plasta. Fundi mwingine akikichonga, anachonga asichokigusa. Sheria hiyo aliitunga yeye, zamani, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Wiki za kutazama zilipogeuka, ikawa zamu yake kukaa kwenye kiti akimtazama mgeni. Mgeni alikuwa anajua kazi. Mikono yake ilikuwa mikubwa na taratibu, na kabla ya kumgusa mgonjwa aliipasha joto kwa maji ya vuguvugu. Kwa miaka ishirini Fundi Mkuu hakuwahi kufikiria kufanya hivyo. Wagonjwa wakaanza kuuliza, "Yule wa mikono ya moto yupo leo?" Kikombe chake cha chai kikatundikwa kwenye ndoano iliyo jirani na ya Fundi Mkuu. Siku moja alikikuta kwenye ndoano yake kabisa. Akakihamisha, kisha akaona haya, kisha akakiacha hukohuko alikokihamishia.

"Unamwonea wivu," binti yake alimwambia nyumbani, akimsaidia kuvua blauzi kwa sababu bega lilikataa.

"Wivu wa nini? Mtoto yule?"

"Mama, toka umekaa umemtaja mara tano. Na hatujala bado."

Kazi ya mwisho ya mpango ilikuwa daftari la wagonjwa: kila mmoja na ukurasa wake, yale ambayo faili halisemi. Aliandika vizuri, mmoja baada ya mwingine. Ukurasa wa Mama Cherehani ukabaki mtupu.

Mama Cherehani alikuwa mshonaji, mgonjwa wake kwa miaka tisa, na kikombe cha mguu wake kilikuwa kimelegea. Aliposikia habari za bega alisema, "Mimi nakusubiri wewe, dada. Sipimwi na mtu mwingine." Fundi Mkuu alipaswa kumkatalia papo hapo. Hakumkatalia. Neno lile alilibeba wiki nzima kama pipi shavuni.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mshonaji alikuja kuomba soksi nyingine ya kujazia kikombe. Alipovua mguu, Fundi Mkuu aliona doa jekundu chini ya goti, ngozi imeanza kung'aa. Miezi sita ya kusubiri, hadi yeye aruhusiwe tena kushika plasta, doa lile lingekuwa kidonda.

"Linauma?"

"Hata. Liko sawa."

Lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la gauni, vinakunja na kukunjua. Miaka tisa Fundi Mkuu alikuwa anaijua siri hiyo peke yake.

"Dada," alisema. "Usinisubiri. Nenda kwa yule kijana."

"Unanifukuza?"

"Nakukabidhi. Si sawa na kufukuza."

Mshonaji hakupenda. Alivaa mguu wake akaondoka bila kuaga. Fundi Mkuu alifungua daftari, akaandika kwenye ukurasa ule mtupu: *Mdomo wake husema sawa. Tazama vidole kwenye pindo la gauni.* Mistari miwili tu, na mkono ukamwuma kuliko siku zote.

Upasuaji ulikwenda salama. Simu ya Jumatano ilianza kwa robo saa, ikawa dakika tano, na Jumatano moja mgeni akasema hana swali lolote wiki hii. Fundi Mkuu alibaki ameshika simu kwa mkono wa kushoto, akitamani jambo dogo lingeharibika.

Siku aliyorudi kwa nusu siku, Mama Cherehani alikuwa amesimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, anajaribu mguu mpya. Alikuwa amekataa majuma saba, kisha doa likampeleka. Alipomwona rafiki yake uso ukafunguka.

"Dada, afadhali. Njoo wewe, malizia."

Mgeni akasimama wima, akarudi nyuma hatua moja. "Karibu, mama. Ukitaka, ni wako."

Pale ndipo Fundi Mkuu alipokuwa amepataka kwa miezi yote. Bega lake lilikuwa linainuka karibu sawasawa, na kufunga mikanda si kuinua mtu. Aliitazama meza yake, kisha akavuta kiti akakaa.

"Aliyechukua kipimo ndiye anayemaliza," alisema.

Mshonaji akamtazama kwa uchungu, akageuka, akatembea. Hatua nne kwenda, nne kurudi.

"Mguu uko sawa?" mgeni aliuliza.

"Uko sawa."

Vidole vilikuwa vimeshika pindo. Fundi Mkuu aliviona, akaiona na sehemu ya kikombe inayobana, mbele, chini kidogo ya goti. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza, mkono wake mzima umeushika ule unaopona.

Mgeni hakuwa anatazama mguu. Alikuwa anatazama gauni.

"Kaa kidogo, mama," alimwambia mshonaji. "Kuna mahali panabana. Nivulie nikuonyeshe."

Mshonaji akakaa, akamtupia jicho Fundi Mkuu juu ya bega la kijana. "Nani kamwambia?"

Fundi Mkuu alifungua daftari la kumbukumbu na kuanza kuandika tarehe, polepole, kwa mwandiko ambao bado haujarudi kuwa wake.

"Muulize fundi wako," alisema.